Jinsi ya kuchora mgawanyo wa kasi za molekuli za gesi kwa namba halisi, na kuona unavyohama joto likipanda

Wengi waliosoma fizikia au kemia ya kidato cha tano na sita wanaukumbuka mchoro huu: mstari unaoanzia sifuri, unapanda hadi kilele, kisha unashuka taratibu kuelekea kulia. Pembeni yake kuna mstari wa pili, wa joto kubwa zaidi. Ukiwaambia wauchore bila kuangalia kitabu, wengi huuweka kilele cha pili juu ya cha kwanza, na wengine huuhamisha mstari wote kulia kama mtu anayesogeza meza. Yote mawili ni makosa, na yanatokana na jambo moja tu: mchoro ulikaririwa kama picha, haukuwahi kukokotolewa. Hapa tutaukokotoa. Unahitaji kikokotoo cha kisayansi na karatasi ya grafu, au kompyuta yenye lahajedwali kama Excel au LibreOffice Calc.

Gesi yetu itakuwa nitrojeni, ambayo ni kama asilimia 78 ya hewa unayoivuta sasa hivi. Halijoto zetu ni mbili: kelvini 300, yaani nyuzi 27 za sentigredi, joto la kawaida la chumba cha pwani, na kelvini 600, yaani nyuzi 327, joto ambalo madini ya risasi yanakaribia kuyeyuka.

Kabla ya yote: mchoro unahesabu nini

Molekuli za nitrojeni chumbani hazikimbii kwa kasi moja. Kila moja hugongana na wenzake mara bilioni kadhaa kwa sekunde, na kila mgongano huibadilishia kasi: sasa inakwenda mita 200 kwa sekunde, punde 700, punde 350. Ukiifuata molekuli moja hutaona mpangilio wowote. Lakini ukizihesabu zote kwa mara moja, idadi ya zilizo katika kila kundi la kasi haibadiliki, mradi joto halibadiliki. Zinazoingia katika kundi ni sawa na zinazotoka. James Clerk Maxwell aliionesha hesabu hiyo mwaka 1860, na Ludwig Boltzmann akaja kuipa msingi imara zaidi katika miaka iliyofuata, ndiyo maana mgawanyo huu hubeba majina ya wote wawili.

Angalia neno «kundi». Swali «ni molekuli ngapi zina kasi ya mita 400 kwa sekunde kamili?» halina jibu la maana, kwa sababu kasi ni kipimo kisicho na ngazi, hakuna molekuli iliyo kwenye 400.000000 bila tofauti yoyote. Swali sahihi ni: ni asilimia ngapi ziko kati ya mita 350 na 450? Kwa hiyo urefu wa mstari katika mchoro si idadi ya molekuli. Ni msongamano: sehemu ya molekuli kwa kila kipande cha kasi. Mimi nitatumia kipande cha mita 100 kwa sekunde, na urefu wote nitautaja kama asilimia ya molekuli kwa kila kipande hicho. Idadi yenyewe inasomwa kwenye eneo lililo chini ya mstari, na eneo lote ni lazima liwe asilimia 100. Likumbuke sharti hilo, maana ndilo litakalotueleza kwa nini kilele kinashuka.

Hatua ya 1: tafuta kasi ya kilele

Kasi iliyo chini ya kilele ndiyo kasi yenye uwezekano mkubwa zaidi. Nitaiita kasi ya kilele na kuiandika vp:

```
vp = √(2RT/M)
```

R ni 8.314, T ni halijoto kwa kelvini, na M ni tungamo la moli moja ya gesi kwa kilogramu. Nitrojeni ina atomi mbili zenye 14 kila moja, hivyo moli moja ni gramu 28, yaani kilogramu 0.028. Kwa kelvini 300:

```
vp = √(2 × 8.314 × 300 / 0.028) = √178157 ≈ 422 m/s
```

Hapa ndipo makosa mawili makubwa hutokea. La kwanza ni kuweka 28 badala ya 0.028. Utapata mita 13 kwa sekunde, na kikokotoo hakitakulalamikia. Kuna njia rahisi ya kujikagua: sauti husafiri hewani kwa kama mita 347 kwa sekunde kwenye nyuzi 27, na sauti inabebwa na molekuli zenyewe zikipokezana migongano. Haiwezekani ujumbe ufike haraka kuliko wanaoubeba. Kwa hewa au nitrojeni, jibu lako likiwa chini ya kasi ya sauti, rudi ukaangalie vizio.

Kosa la pili ni kutumia sentigredi. Mtu huona nyuzi 27 zikipanda hadi 54 akasema joto limekuwa maradufu, basi vp inazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2. Sivyo. Kwa kelvini joto limetoka 300 hadi 327 tu, na vp inatoka 422 hadi kama 441. Ili T iwe maradufu kweli lazima ufike nyuzi 327, na huko ndiko tunakokwenda katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: kokotoa mstari wenyewe

Ukishakuwa na vp, umbo lote la mstari linatoka katika fomula hii:

```
f(v) = (4/√π) × (v²/vp³) × e^(−v²/vp²)
```

Usiiogope, ina sehemu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni v². Hii inapanda kadiri kasi inavyokua, na sababu yake ni ya kijiometria. Molekuli inaweza kwenda upande wowote: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Ili iwe karibu kusimama, ni lazima mwendo wake katika pande zote tatu uwe karibu na sifuri kwa wakati mmoja, na hilo ni bahati adimu. Ili iwe na mita 400 kwa sekunde, zipo njia nyingi sana za kuugawa mwendo huo katika pande tatu. Njia hizo huongezeka kama uso wa mpira unavyoongezeka nusu kipenyo chake kikikua, yaani kwa v². Ndiyo maana mstari unaanzia sifuri.

Sehemu ya pili ni e iliyopandishwa kwa namba hasi. Hiyo inashuka, na inashuka kwa kasi, kwa sababu nishati katika gesi ni ya kugawana: molekuli moja kujilimbikizia nyingi kunahitaji wenzake wengi wawe wamepungukiwa. Mwanzoni v² inashinda na mstari unapanda. Mbele, sehemu ya pili inashinda na mstari unaporomoka. Mahali zinapolingana nguvu ndipo kilele, na hapo v ni sawa na vp kabisa. Kama unajua kutafuta kinyambuo, chukua cha v² × e^(−v²/vp²), kilinganishe na sifuri, na utapata v² = vp² kwa mistari miwili.

Sasa lahajedwali. Katika kisanduku B1 andika 300, katika B2 andika 0.028, na katika B3 fomula ya kasi ya kilele:

```
=SQRT(2*8.314*B1/B2)
```

Katika safu A, kuanzia A5 hadi A25, andika 0, 100, 200 hadi 2000. Katika B5 weka fomula ifuatayo kisha iburute hadi B25:

```
=10000*4/SQRT(PI())*$A5^2/B$3^3*EXP(-1*($A5/B$3)^2)
```

Hiyo 10000 ni 100 ya upana wa kipande mara 100 ya asilimia. Na ile `-1*` usiifute ukidhani ni pambo. Katika Excel na Calc, ukiandika `EXP(-($A5/B$3)^2)`, alama ya kutoa hufanyiwa kazi kabla ya kipeo, kwa hiyo hasi inapandishwa kwa 2 na kugeuka chanya. Badala ya mstari unaoshuka utapata namba zinazolipuka hadi matrilioni. Ukiona hivyo, kosa ni hilo na si fizikia.

Jikague kwa mambo mawili. Kwanza, kwenye mita 400 unapaswa kuona karibu 19.6. Pili, katika B26 andika `=SUM(B5:B25)`; jibu liwe 100 au pungufu kidogo sana. Jumla ikiwa 100, eneo chini ya mstari limekamilika na hakuna molekuli iliyopotea. Kwa anayetumia karatasi, kokotoa nukta kumi na mbili tu, kuanzia 100 hadi 1200, uziunganishe kwa mkono mlaini bila rula.

Hatua ya 3: pandisha joto

Weka 600 katika C1, 0.028 katika C2, kisha nakili fomula za safu B kwenda safu C. Kasi ya kilele mpya ni kama mita 597 kwa sekunde. Halijoto imezidishwa kwa 2, kasi ya kilele imezidishwa kwa 1.41 tu, yaani kipeuo cha pili cha 2. Hizi hapa baadhi ya namba utakazozipata, zote zikiwa asilimia kwa kila mita 100 kwa sekunde:

| Kasi (m/s) | 300 K | 600 K |
|---|---|---|
| 200 | 9.6 | 3.8 |
| 400 | 19.6 | 10.8 |
| 500 | 18.4 | 13.2 |
| 600 | 14.3 | 13.9 |
| 700 | 9.4 | 13.1 |
| 1000 | 1.1 | 6.4 |
| 1300 | 0.04 | 1.6 |

Chora mistari yote miwili kwenye grafu moja, kisha itazame kwa utulivu. Kilele cha kwanza kiko karibu na 19.7, cha pili karibu na 13.9. Kimeshuka, na sasa sababu iko mbele ya macho yako: mstari umetanuka kuelekea kulia, lakini eneo chini yake ni lilelile asilimia 100. Ukiusukuma unga uleule wa chapati utanuke, lazima uwe mwembamba. Upana umezidishwa kwa 1.41, urefu umegawanywa kwa 1.41.

Ona pia upande wa kushoto. Molekuli za polepole hazikwisha. Kwenye mita 200 bado zipo 3.8 katika kila kipande, zimepungua tu kutoka 9.6. Gesi ya moto si gesi ambayo kila molekuli inakimbia. Ni gesi ambayo wanaokimbia wameongezeka. Mistari yote miwili inaanzia sifuri palepale, jambo ambalo mtu anayeusogeza mstari mzima kulia huliharibu mara moja. Inakutana tena karibu na mita 609 kwa sekunde. Chini ya hapo gesi ya kelvini 300 ina molekuli nyingi zaidi katika kila kipande. Juu ya hapo, ya kelvini 600. Mchoro wako usipokuwa na makutano hayo, umekosea mahali, kwa sababu mistari miwili yenye eneo sawa haiwezi mmoja kukaa juu ya mwingine safari nzima.

Jambo dogo la kuongezea: mstari hauko sawa pande zote mbili za kilele, mkia wa kulia ni mrefu. Ndiyo maana kasi ya wastani ni kubwa kuliko ya kilele. Kwa nitrojeni ya kelvini 300, kilele ni 422, wastani ni 476, na ile kasi inayopatikana kwa kuchukua wastani wa v² kisha kipeuo chake ni 517. Swali la mtihani likitaka nishati, tumia ya mwisho. Likitaka kilele, ya kwanza.

Hatua ya 4: pima mkia, maana ndiko kwenye mabadiliko makubwa

Kwangu hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Kilele kinahama kwa unyonge. Mkia haufanyi hivyo. Kujua sehemu ya molekuli zilizo juu ya kasi fulani, weka kasi hiyo katika E1 na fomula hii popote panapokufaa:

```
=ERFC(E1/B3)+2/SQRT(PI())*(E1/B3)*EXP(-1*(E1/B3)^2)
```

Anza na 1000. Kwa kelvini 300, zilizo juu ya mita 1000 kwa sekunde ni kama asilimia 1.1. Kwa kelvini 600, badili B3 iwe C3, utapata asilimia 13.2. Ni kama mara kumi na mbili, ilhali kilele kilisogea kwa asilimia 41 tu. Sasa weka 1500. Kwa kelvini 300 ni kama molekuli 14 katika kila milioni. Kwa kelvini 600 ni kama 5,500 katika kila milioni. Hiyo ni mara mia nne. Kadiri unavyokwenda mbali kwenye mkia, ndivyo joto linavyozidisha kwa nguvu.

Usidhani hilo ni la tanuri tu. Pandisha joto nyuzi kumi tu, kutoka kelvini 300 hadi 310, kama tofauti ya chumbani na mtu mwenye joto la kawaida la mwili. Kilele kinasogea kutoka 422 hadi 429, tofauti ambayo kwenye karatasi ya grafu kalamu yako inaifunika. Lakini zilizo juu ya mita 1500 zinatoka 14 hadi 20 katika milioni, karibu nusu zaidi.

Na hapo ndipo kemia inapoingia. Mmenyuko hautokei kila molekuli zinapogongana. Unahitaji mgongano wenye nishati ya kutosha kuvunja vifungo vilivyopo, na migongano hiyo hutoka mkiani. Chukua mmenyuko unaohitaji kilojuli 50 kwa moli. Sehemu inayofikia kizingiti hicho hufuata e^(−E/RT), na ukigawanya thamani ya kelvini 310 kwa ya kelvini 300 unapata 1.9. Hiyo ndiyo asili ya kanuni inayofundishwa darasani kwamba nyuzi kumi huongeza kasi ya mmenyuko karibu mara mbili. Si sheria ya maumbile. Ni hesabu inayokubali kwa kizingiti cha karibu kilojuli 50 na joto la karibu na la chumba. Kizingiti kikiwa kidogo, ongezeko ni dogo. Kikiwa kikubwa, ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeeleza kwamba mmenyuko umeharakishwa «kwa sababu molekuli zinakwenda kasi zaidi na kugongana mara nyingi zaidi» amegusa sehemu ndogo kabisa ya sababu. Kwa nyuzi kumi, kasi za kawaida zimeongezeka kwa asilimia 1.7 tu.

Ukilinganisha hesabu yako na kipimo cha maabara

Kasi hizi zimepimwa kweli. Mwaka 1920 Otto Stern, akiwa Frankfurt, aliyeyusha madini ya fedha katika ombwe, akaacha atomi zake zipite kwenye mwanya mwembamba huku chombo kikizunguka. Atomi za polepole zilichelewa, hivyo zikatua mbali zaidi kuliko za haraka na alama iliyowekwa chombo kikiwa kimesimama. Mwaka 1955 Miller na Kusch walitumia silinda inayozunguka yenye mifereji iliyopinda, ikiruhusu kasi moja tu kupita kwa kila mzunguko uliochaguliwa, na mgawanyo walioupata kwa mvuke wa potasiamu na thaliamu ukaafikiana vizuri na wa Maxwell.

Ila kuna mtego, na Stern mwenyewe aliuingia kwanza, hadi Einstein alipomwonesha. Atomi zinazotoka kwenye tundu si sampuli ya haki ya zile zilizo ndani. Ya haraka hulifikia tundu mara nyingi zaidi kuliko ya polepole, hivyo katika mkondo unaotoka, kila kasi inahesabiwa kwa uzito wa kasi yenyewe. Fomula inakuwa na v³ badala ya v², na kilele kinasogea hadi √(3RT/M). Nitrojeni ya kelvini 300 ndani ya chombo ina kilele cha 422. Mkondo wake kupitia tundu dogo una kilele cha 517. Ukitaka kuuchora huo pia, badili katika safu mpya: weka `$A5^3` badala ya `$A5^2`, `B$3^4` badala ya `B$3^3`, na `2` mahali pa `4/SQRT(PI())`. Jumla yake nayo itatoka 100.